Mtumeni shangazi kabla ya barua

Siku hizi ukisikia mtu anatafuta mshenga, ujue anatafuta mtu wa maneno. Anatakiwa mzee anayejua kufumba, atakayefika ukweni na kusema wameliona ua zuri kwenye bustani ile, kisha ateremshe bei watu wacheke. Barua ya posa inafungwa kwenye leso mpya, inawekwa juu ya sinia pamoja na fedha kidogo ndani ya bahasha, na jibu linarudi na orodha: mahari, kilemba cha baba, mkaja na ubeleko wa mama. Hapo watu wanahesabu kuwa kazi ya mshenga imekwisha.

Mimi naona tumeanzia mwisho. Kazi kubwa ilikuwa ikifanyika kabla ya barua, na aliyeifanya mara nyingi hakuwa yule mzee wa mafumbo. Alikuwa shangazi, au somo wa mama, mwanamke mtu mzima anayeweza kuingia uani kwa watu bila kuulizwa amefuata nini.

Nimeliona hili nyumbani kwetu. Mtoto wa baba yangu mkubwa alikutana na binti chuoni hapa Dar, wakapendana, akasema anataka kuposa. Kwao binti ni Tanga. Vijana wakataka barua iende Jumamosi ile ile. Shangazi yetu akakataa, akasema kwanza yeye ataenda kusalimia.

Alikwenda mara tatu. Safari ya kwanza aliuliza lililo la lazima, kama binti ana posa ya mtu mwingine, maana kwetu Waislamu haifai kuposa juu ya posa ya mwenzako. Hakuwa nayo. Ya pili alikaa na shangazi wa binti, wakakubaliana kwamba huyo atamuuliza binti mwenyewe faraghani, baba yake asiwepo. Jibu la msichana mbele ya baba yake mara nyingi ni kuinamisha kichwa, na kila mtu anakitafsiri kichwa kile apendavyo.

Safari ya tatu alikutana na bibi wa binti, mzaa mama. Wakaanza kuulizana ukoo, nani mtoto wa nani, mlikaa mtaa gani. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mama yake kijana si yule aliyelazwa mwanawe akiwa mchanga?" Ndiye. Mama huyo alipokuwa hospitali, wakati huo familia ikiishi Tanga, bibi huyu alikuwa na mtoto wake kifuani, akamchukua na yule wa jirani akawanyonyesha wote kwa muda wa miezi miwili hivi. Baadaye familia ikahamia Dar, mama akafariki, na baba, ambaye siku zile alikuwa safarini kikazi, hakuwahi kulijua jambo hilo.

Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa sana pwani yetu, mtoto akinyonya mara tano zilizo kamili kabla ya kutimiza miaka miwili, anakuwa mtoto wa aliyemnyonyesha. Kwa hiyo binamu yangu ni ndugu wa kunyonya wa mama mzazi wa binti. Kwa binti yeye ni mjomba, na ndoa hiyo haipo.

Shangazi hakulitangaza. Alimwambia kaka yake, wakaenda kwa shekhe, shekhe akataka kumsikia bibi mwenyewe. Alipothibitisha, vijana wakaambiwa, kila mmoja kwao. Waliumia sana, sitaki kulipunguza hilo. Lakini barua ilikuwa haijaenda na mtaani hakukuwa na wa kumnyooshea binti kidole kwamba ameachwa. Ile "hapana" ilipita mikononi mwa watu wachache ikaishia hapo. Ingegunduliwa baada ya mtoto wa pili, ingekuwaje?

Najua wapo mashangazi wanaochafua. Mwenye binti wa rafiki yake anayetaka kumsukuma mbele hatakuletea habari njema za mwingine. Utamtambua kwa "watu wanasema". Mwambie akutajie aliyemwambia na aliyeshuhudia. Akikosa jina, mtume mtu mwingine. Na uamuzi si wake: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wote wawili, na mjumbe akishaleta habari aliyotumwa hana kura.

Kwa hiyo wanaojiandaa kuposa, msiniulize nani anajua kuongea. Niulizeni nani katika ukoo wenu anaweza kukaa uani kwa watu siku nzima akichambua mchele, akasikiliza.

Leso iliyonunuliwa kufungia barua ile ilibaki kabatini kwa shangazi miezi kadhaa. Mfungo ulipoisha binamu yangu aliichukua, akapanda basi la Tanga, akampelekea mama yake wa kunyonya mkono wa Idi.