ILAFAHAM

Mwalimu wa Fizikia keshawasimulia kisa changu cha tisheti, tena kwa chumvi. Sikulia. Yaliyobaki ni kweli.

Mimi ndiye kamati ya tisheti za mahafali ya Kidato cha Nne, na mnanijua kwa mdomo. Fundi alipoleta sampuli ya kwanza, poliesta nyekundu yenye maandishi meupe, niliichambua mbele ya wanafunzi kama nimezaliwa kiwandani. Meupe yenyewe yalishageuka waridi. Nikawaambia, poliesta ikipata moto rangi yake hupanda juu na kuingia kwenye wino, leteni pamba. Hapo nilikuwa sahihi, mniandikie.

Halafu neno MAHAFALI lilikaa tumboni. Fundi alipima tisheti ikiwa imelala mezani, akaweka katikati. Mtu akivaa, akikaa chini tu, neno linajikunja kwenye kitambi. Nikaagiza lipande kifuani, vidole vinne chini ya kola. Na weupe uongezwe, upigwe mara mbili, uonekane mpaka getini.

Sampuli ya pili ikaja asubuhi ya kikao cha wazazi, imepigwa pasi harakaharaka. Pamba safi, weupe kama maziwa. Nikaigusa kwa kidole: kavu. Nikaivaa. (Mnaojua kazi hii, najua mmeshashika vichwa. Subirini.)

Nikapanda jukwaani kuwazungushia wazazi mgongo na kifua. Makofi. Madam Mkuu, suti yake nyeusi ya kikao, akainuka: "Hongera mwalimu wangu!" Akafungua mikono. Nami nikafungua yangu. Tukakumbatiana kwa nguvu, maana Madam hakumbatii nusunusu, akanipigapiga mgongoni, moja, mbili, tatu. Tulipoachana nikasikia mlio. Taaap, kama plasta ikibanduliwa.

Akawageukia wazazi, anatabasamu. Kifuani kwake, meupe pee, kutoka begani hadi begani: ILAFAHAM. F na L zimegeukia nyuma, zilizobaki zinasomeka vizuri kabisa. Ukumbi kimya. Kisha katoto fulani ka mzazi, kanakojifunza kusoma, kakaunganisha kwa sauti: "I-la-fa-ham."

Madam akainama kujitazama. Akaniinulia macho polepole.

Wino ule, ndugu zangu, haukauki kwa upepo wala jua. Unaiva kwa moto, nyuzi 160 hivi, mpaka ndani. Pasi ya haraka inakausha ngozi ya juu tu, chini bado uji, na mimi ndiye niliyeagiza tabaka mbili. Kumbe ningeivuta kidogo kabla ya kuivaa, ningeona maandishi yanapasuka. Na kama yangebaki tumboni alikoyaweka fundi, yasingemgusa mtu!

Fundi kazirudisha tisheti zote kwenye mashine ya joto, zimeiva. Suti nalipia kwa awamu. Leo asubuhi nimeingia Kidato cha Pili, darasa zima likasimama: "Shikamoo Mwalimu Ilafaham."

Nikaitikia.