Maneno 31 mepesi, maneno 31 mazito

"Nina maelekezo ya ORS ya kubandika ukutani kliniki. Nimeambiwa niyapunguze yabaki nusu. Kila nikiyapunguza yanakuwa magumu kuliko mwanzo. Nakosea wapi?"

Tuyatazame yenyewe. Maelekezo uliyonitumia yana maneno 57:

"Mtoto akiharisha, mwili wake unapoteza maji na chumvi. Chemsha maji ya kunywa, kisha yaache yapoe. Pima lita moja ya maji hayo. Mimina pakiti moja yote ya ORS ndani yake, ukoroge mpaka iyeyuke. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kikombe kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10, halafu endelea kumpa polepole. Dawa iliyobaki baada ya saa 24 imwage, utengeneze nyingine."

Na hivi ndivyo ulivyoyafupisha:

"Upungufu wa maji utokanao na kuharisha huzuiwa kwa unyweshaji wa mara kwa mara wa mchanganyiko wa pakiti moja ya ORS na lita moja ya maji yaliyochemshwa, utumike ndani ya saa 24."

Haya ni maneno 31. Karibu nusu imeondoka, lakini angalia kilichoondoka. Mama aliyekuwa akiambiwa chemsha, pima, mimina na mpe hayumo tena. Kazi zake zimegeuzwa majina: unyweshaji, mchanganyiko. Majina hayo yamefungwa kwa "wa" na "ya", na nimehesabu saba ndani ya sentensi moja. Msomaji akifika kwenye "pakiti" bado anatafuta ni nani anayenywesha. Maji kupoa kumepotea, na kutapika pia.

Sasa nami nijaribu kwa maneno hayohayo 31:

"Chemsha maji, yaache yapoe. Pima lita moja. Mimina pakiti yote ya ORS, koroga. Mpe mtoto kidogo kidogo kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea. Ikibaki baada ya saa 24, imwage."

Hesabu ni ileile, ila vitenzi ni 13 badala ya vinne, na "ya" ni mbili tu. Sikubana sentensi. Nilichofanya ni kuondoa mambo mazima: kikombe, kutengeneza nyingine, na sababu ya kumpa mtoto ORS. Kila kilichobaki nimekiacha na kitenzi chake na mtendaji wake.

Wapo watakaokupinga ukiondoa mambo hivi, na hoja yao ina uzito. Muuguzi mmoja niliyewahi kufanya naye kazi hakukubali kabisa kuondoa sababu. Alisema wazazi wengi hutarajia ORS ikomeshe kuharisha. Wakiona mtoto bado anaharisha jioni, huiacha wakidhani haifanyi kazi. Kweli, ORS haikomeshi kuharisha; inarudisha maji na chumvi vilivyopotea. Kwa hiyo anayebana anaweza kusema: mimi angalau nimetaja upungufu wa maji, wewe umeufuta. Na kama karatasi ingekuwa ya wauguzi, ile sentensi yake ndefu isingewasumbua, maana wamezoea kusoma hivyo kazini.

Lakini ukutani husoma mama mwenye mtoto mgongoni, na kwake jambo lililotajwa bila kueleweka ni sawa na lisilotajwa. Hapo nasimama upande wa kupunguza mambo.

Usitegemee kanuni za kupima wepesi wa matini kukuamulia. Ile ya Flesch ya mwaka 1948 huangalia urefu wa sentensi na idadi ya silabi katika neno, na ilitengenezwa kwa Kiingereza. Kwetu "anapoharisha" lina silabi sita na mtoto wa darasa la pili analielewa. "Utokanao" lina tano na linamkwamisha mtu mzima. Lugha yetu inabeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, kwa hiyo urefu wa neno hausemi mengi.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: msomee mtu ambaye hajaiona karatasi, mara moja tu, kisha mwombe akueleze atafanya nini. Akiuliza "nani?" au "ya nini?", hapo ndipo ulipobana. Akiruka hatua, rudi uitazame sentensi yake. Mara nyingi utakuta imemezwa na nyingine.

Nakubaliana na muuguzi kuhusu sababu, ila siikubali kama "upungufu utokanao". Anzia juu kabisa kwa kuandika: "ORS haikomeshi kuharisha, inarudisha maji mwilini." Ni maneno sita, jumla inakuwa 37. Nenda kwa aliyekupa agizo la nusu, mpe karatasi zote mbili azisome kwa sauti, kisha mwombe hayo maneno sita.