Mteja aliyenyamaza mwaka mzima mwandikie kuhusu sufuria yake

Mpunga mpya unapoanza kuvunwa Kyela na Usangu, wauza mchele wengi wa Mbeya huwakumbuka wateja waliopotea. Meseji zinazotumwa wakati huo zinafanana mno: "Mpendwa mteja, umetusahau, tuna ofa kabambe, karibu tena." Kwa maoni yangu meseji hiyo ni afadhali isingetumwa. Inamlaumu mtu kwa kutokununua, inamwita mteja badala ya jina lake, na haimpi kitu hata kimoja cha kumfaa siku hiyo.

Nichukue mfano wa dada mmoja anayeuza mchele wa jumla Mwanjelwa, ambaye nilikaa naye tukapitia daftari lake la oda. Kuna mama mwenye mgahawa Iringa alikuwa akichukua viroba 4 vya kilo 25 kila mwezi, Kyela tupu, akitumiwa kwa basi. Mwezi wa sita mwaka jana alichukua kama kawaida. Baada ya hapo hakuna oda, hakuna malalamiko, hakuna deni.

Kabla ya kuandika neno lolote tuliitazama ile oda ya mwisho, kwa sababu mara nyingi sababu ya mtu kuondoka imejificha hapo. Tarehe ilikuwa ya mwanzoni mwa msimu. Oda ya mwezi wa tano ilitoka kwenye akiba ya zamani, ile ya mwezi wa sita ilikuwa mchele mpya kabisa, uliotoka shambani na mashineni ndani ya wiki chache. Mtu anayepika anajua maana yake. Mchele mpya hauhitaji maji mengi, na wanga wake hutoka upesi unapochemka, kwa hiyo ukiupimia maji yaleyale ya mchele uliokaa ghalani unashikana na kuwa bokoboko. Uliokaa miezi kadhaa umekauka na kukaza, unakunywa maji zaidi, unavimba na kuchambuka. Mwenye mgahawa akiweka sufuria kubwa la mchana kwa vipimo alivyovizoea, halafu wali ukatoka umeshikana mbele ya watu wenye njaa, hatakupigia simu kulalamika. Atatafuta muuzaji mwingine.

Hatukuwa na uhakika kwamba ndicho kilichotokea, na meseji haikupaswa kujifanya inajua. Lakini ilitosha kutupa jambo la kuandika ambalo lingemfaa yule mama hata kama ameshapata muuzaji mwingine na hana mpango wa kurudi. Hicho ndicho kipimo changu: ukiondoa jina la duka lako, je, aliyeipokea amebaki na kitu? Tuliandika hivi:

"Shikamoo mama, habari za Iringa? Ni binti wa mchele wa Mwanjelwa, Mbeya, niliyekuwa nakutumia Kyela. Mchele wa msimu huu umeanza kuingia na bado ni mbichi kidogo: kama umezoea vikombe 2 vya maji kwa 1 cha mchele, anza na kimoja na nusu, na ujaribu kwenye sufuria dogo kwanza. Wa msimu uliopita bado upo kidogo kwa anayeupenda. Kazi njema mama."

Hakuna bei, hakuna ofa, hakuna swali. Wengi watanipinga kwenye ofa, na ninaelewa kwa nini, maana punguzo linaonekana kama heshima. Lakini kwa mtu aliyeondoka kimya, punguzo la ghafla linamwambia kwamba bei aliyokuwa akilipa miezi yote ile ilikuwa na nafasi ya kushuka na hukumwambia. Tena kama tatizo lilikuwa bokoboko, bokoboko la bei rahisi bado ni bokoboko. Swali la "tulikukosea nini?" nalo linamtwika kazi. Aidha akueleze, na watu wetu wengi wanaona aibu kulaumu, aidha anyamaze zaidi.

Yule dada alitaka kuituma kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp, wateja wote waliolala kwa mpigo mmoja. Nilimkatalia kwa sababu mbili. Kwanza, meseji ya orodha hiyo humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na mtu wa mwaka mzima huenda amebadilisha simu au ameifuta. Hao unaowatafuta ndio watakaoikosa, wala hutajua. Pili, mambo ya Kyela na maji hayamhusu kila mtu: mwenye duka la rejareja aliyekuwa akichukua Saro anataka habari ya chenga na bei ya gunia, hataki kufundishwa kupika. Kwa hiyo inaandikwa moja moja, na utambulisho unakaa juu kabisa, ili anayeona namba ngeni asome wewe ni nani kabla hajaipuuza.

Saa nayo ina uzito wake. Mwenye mgahawa kuanzia alfajiri hadi baada ya chakula cha mchana yuko jikoni, na meseji ikiingia wakati huo huzikwa na nyingine. Ilitumwa saa 10 jioni, muda ambao watu wa kazi hiyo hukaa chini wakapanga manunuzi ya kesho.

Jibu lilikuja siku ya pili yake: "Marahaba mwanangu. Ule wa mwaka jana uliniaibisha kwa wateja wangu." Hapa ndipo wauzaji wengi hujikwaa. Wanaanza kujitetea, kwamba mchele ulikuwa mzuri ila mpishi hakujua kuupima maji. Hata kama ni kweli, ukisema hivyo umemrudishia aibu ileile. Dada alijibu kwa ufupi: "Pole sana mama. Ningepaswa kukuambia kuwa ni mpya. Nikutumie kilo 2 za ule wa zamani uupike kwanza?" Mama akakubali, mfuko ukaenda na basi, na baadaye akaagiza kiroba 1.

Kiroba 1, sio 4. Dada alitaka kumuuliza kuhusu vile vingine 3, nami nikamshauri aache. Yule mama sasa ana muuzaji mwingine ambaye hajamkosea, na hana sababu ya kumtupa kwa ajili ya kilo 2 zilizopikika vizuri. Kilichofanyika ni kuandika kwenye daftari, mbele ya jina lake: "Kyela wa zamani tu. Mpya, mwambie kabla." Maneno hayo yana kazi zaidi ya ofa yoyote, kwa sababu msimu ujao hatatumiwa tena mchele mpya bila kujua.

Wapo ambao hawatajibu, na wengine hutawarudisha hata uandike vipi: mgahawa umefungwa, au namba imeshapewa mtu mwingine. Kwa aliyesoma akanyamaza, mimi huruhusu meseji moja zaidi, na hiyo ingoje habari nyingine ya kweli, kwa mfano mwishoni mwa mwaka, ule mchele wa mwezi wa sita unapokuwa umeshakauka na kupikika kama wa zamani. Akinyamaza tena, jina linatoka kwenye orodha. Na akisema asitumiwe, linatoka siku hiyohiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara, na hilo linamgusa muuza mchele wa Mwanjelwa sawa na kampuni kubwa.