Kaka ataleta pipi

Simu ilinikuta kazini saa nne na robo asubuhi. Mwalimu wa chekechea, kwa ile sauti ya upole ya mtu anayeleta habari mbaya, akaniomba nimfuate mwanangu. Tumbo lake si zuri, akasema, na kanuni yao ni kwamba mtoto anayeharisha harudi mpaka zipite saa 48 bila dalili.

Nikauliza ameshaharisha mara ngapi.

"Bado. Lakini ametutangazia."

Tunaishi Hamburg. Mama yake Mjerumani, mimi mtu wa Tanga, na mtoto wakati huo alikuwa na miaka miwili na miezi kumi. Kabla hajazaliwa tulikubaliana: mzazi mmoja, lugha moja. Mama Kijerumani, mimi Kiswahili, hata mbele ya wageni, hata mtoto akigaragara sakafuni dukani. Si jambo jipya. Mfaransa Jules Ronjat, aliyeoa Mjerumani, alimlea hivyo mwanawe aliyezaliwa 1908, kisha akaandika kitabu mwaka 1913.

Tulichosahau sisi ni kuhesabu saa. Mtoto wetu yuko macho kama saa 12 kwa siku, yaani 84 kwa wiki. Siku za kazi mimi nampata kwa muda wa saa mbili tu jioni. Jumamosi na Jumapili, nikijitahidi, saa tano kila siku. Jumla 20, haifiki robo, na hapo ni kama sijashika simu. Zinazobaki, karibu zote ni za Kijerumani. Halafu mezani mimi na mama yake tunaongea Kijerumani, kwa hiyo kijana anajua fika kwamba baba anakielewa. Ya nini ajichoshe? Nilikuwa namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kijerumani, nami naendelea kama vile hakuna kilichotokea. Kosa liko hapo: ukikubali jibu hilo kila siku, utapata mtoto anayeelewa Kiswahili lakini hakisemi.

Basi nikabadili mbinu. Akiomba maziwa kwa Kijerumani, nauliza, "Nini, baba?" Akikwama, namwekea neno mdomoni: "Unataka maziwa?" Akirudia, vizuri. Asiporudia, maziwa anapewa vilevile, maana ukimnyima mtoto kikombe kwa sababu ya lugha, ataichukia lugha. Na juma lile nikaongeza kivutio: mpwa wangu alikuwa anakuja kutoka Tanga, nami nikamwimbia mtoto siku nne mfululizo kwamba kaka anakuja, na kaka ataleta pipi.

Sasa, kwa Kijerumani cha watoto, kaka ni kinyesi. Na pipi ni mkojo.

Asubuhi ile watoto wameketi duara, kila mmoja anasema la kwake. Wangu akasimama na kutangaza kwa Kijerumani safi, vitenzi vyote mahali pake: leo Kaka anakuja, na Kaka ataleta Pipi. Wakambeba mbio hadi chooni. Akakaa kwenye poti, hakitoki kitu. Akarudishwa, akaeleza tena, kwa furaha zaidi, kwamba Kaka ni mkubwa sana na ametoka Afrika. Akarudishwa kwenye poti.

Mtu angesema mtoto amechanganyikiwa. Hata. Alijua anaongea na nani, na sentensi ilikuwa ya Kijerumani. Majina mawili tu ndiyo yalikuwa ya kwangu, kwa sababu chekechea hawagawi peremende wala hakuna mpwa wangu. Vitu hivyo alivijua kwa Kiswahili pekee. Mtoto hujaza pengo kwa neno alilo nalo.

Mpwa alikuwa ameshatua, nikaenda naye, kijana wa futi sita. Mlango ulipofunguliwa tu, mwanangu akapaza sauti, "Kaka! Kaka!" Mwalimu hata hakututazama. Alimnyakua mtoto juujuu, wakapotelea chooni.

Ilinichukua dakika ishirini kufafanua, na mpwa wangu, asiyejua Kijerumani, muda wote akitabasamu na kujipiga kifua: "Kaka. Mimi. Kaka."

Nyumbani hatukupunguza Kiswahili. Mama yake alitaka tukiweke wikiendi tu, nikakataa, kwani zile 20 zingebaki 10. Tulichofanya ni kuandika maneno ya nyumbani yanayofanana na ya Kijerumani, pamoja na maana zake, na kubandika karatasi ndani ya kabati la mtoto chekechea. Pipi ikageuka peremende. Kaka akaitwa kwa jina lake. Nilijisifu kwamba orodha imekamilika.

Mwezi Agosti simu ikalia tena. Mwanangu amewaeleza wenzake kwamba usiku, juu ya paa letu, popo wanaruka, wengi, weusi, na wana meno.

Kwa Kijerumani popo ni matako.