Milimita sita na maji ya darini

Barua ya kampuni ya bima ilimfikia dada yangu Leicester, Uingereza, siku ya Alhamisi, na jioni ile ile alinisomea kwa simu, sauti ikimtetemeka. Sentensi iliyoniwasha ni moja: kwa kuwa sharti la awali limevunjwa, kampuni "haina haja ya kujadili chanzo cha hasara". Mtu amelipa bima miaka sita bila kudai hata senti, leo anaambiwa chanzo cha hasara yake hakijadiliwi.

Mambo yalikwenda hivi. Dada ana duka la vyakula vya nyumbani: unga wa sembe, mchele, maharage, dagaa. Ghala lake liko chini ya duka. Polisi yake ya bima, yaani mkataba wake na kampuni, inasema bidhaa za ghala la chini lazima ziinuliwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, na kwamba kutimiza hilo ni sharti la awali la kampuni kuwajibika. Usiku mmoja mpira wa mashine ya kufulia ulichomoka katika nyumba ya ghorofani. Maji yalishuka ukutani, yakapita dari ya duka, yakamwagika juu ya magunia ghalani hadi asubuhi.

Mkaguzi wa kampuni alikuja na futi. Magunia 41 yalikuwa juu ya paleti za kawaida za Ulaya, zile za mbao kila mtu anazo. Paleti hiyo ina urefu wa sentimita 14.4. Zimepungua milimita sita. Magunia mengine manne ya maharage yalikuwa chini kabisa, karibu na ngazi. Kwa hayo kampuni ikakataa madai yote.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba sharti lilivunjwa. Dada alitaka tuandike katika barua ya kuijibu kampuni kuwa milimita sita si kitu. Nilimkatalia. Katika bima ya Kiingereza hesabu ndogo zimeshawaumiza watu tangu zamani. Mwaka 1786, katika kesi ya De Hahn na Hartley, meli iliahidiwa kutoka Liverpool na watu 50 au zaidi. Iliondoka na 46, ikaongeza sita kisiwani Anglesey baada ya saa chache, ikaendelea na safari. Baadaye ilipotea kwa sababu isiyohusiana kabisa na idadi ya mabaharia, na bado aliyeikatia bima alilazimika kurudisha fidia aliyokwisha kulipwa. Anayebishana kuhusu ukubwa wa kosa anapigana vita vilivyokwisha karne mbili zilizopita.

Silaha yetu ni nyingine, nayo ina miaka michache tu: kifungu cha 11 cha Sheria ya Bima ya Uingereza ya 2015, iliyoanza kutumika tarehe 12 Agosti 2016. Kifungu hicho kinahusu masharti ambayo kuyatimiza hupunguza hatari ya hasara ya aina fulani, au mahali fulani, au wakati fulani. Ukilivunja sharti la namna hiyo, kampuni haiwezi kulitumia kukunyima iwapo utaonyesha kwamba kutolitimiza hakungeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea, katika mazingira yale iliyotokea. Na hayo hayabadiliki kwa kuwa polisi imeliita sharti la awali. Sharti la kuinua bidhaa linapunguza hatari ya maji mahali pamoja, ghalani. Limo.

Hapa ndipo nilipoifuta rasimu ya kwanza ya dada. Aliandika: "Kosa letu halikusababisha hasara." Ni kweli, lakini silo swali la sheria, na wakili wa kampuni angeshukuru kupata sentensi hiyo. Paleti fupi haijawahi kuchomoa mpira wa mashine popote duniani. Kama chanzo ndicho kipimo, sharti la kuinua bidhaa lisingekuwa na kazi hata siku moja, na hakuna hakimu atakayekubali hivyo. Swali ni la hatari: je, kwa tukio hili lenyewe, kutotimiza sharti kungeweza kuongeza uwezekano wa hasara hii? Kipimo hicho ni kigumu zaidi kwetu, kwa sababu neno "kungeweza" linaacha mlango wazi, na jukumu la kuufunga ni letu.

Kuna mtego wa pili. Ghalani kulikuwa na maji yaliyotuama. Alama ukutani inaonyesha sentimita tatu. Ningeweza kuandika kwamba maji ya sentimita tatu hayafiki kwenye gunia lililo sentimita 14.4 juu, na hesabu ni sahihi. Lakini mwaka 2024, katika kesi ya Mok Petro iliyohusu shehena ya petroli, Mahakama Kuu ya London iliona kwamba unalipima sharti zima, si kile kipande ulichokosea. Yaani hatuulizi kama milimita sita zina madhara. Tunauliza kama kuinua bidhaa sentimita 15 kungeweza kupunguza hatari ya hasara hii. Jambo hilo halikuamua kesi ile, hata hivyo sitaki barua yetu isimame mahali linapoweza kuiangusha. Kwa hiyo maji yaliyotuama tuliyaweka nyuma, na ya darini mbele. Aya yenyewe inasomeka hivi:

"Magunia 41 yaliloa kwa maji yaliyoanguka kutoka juu. Picha za saa 1:20 asubuhi, kabla chochote hakijasogezwa, zinaonyesha vitambaa vya juu vimelowa na kuchanika, ilhali mbao za paleti zilizo chini ya magunia ni kavu. Kuinua bidhaa kutoka sakafuni, kwa kiasi chochote, hakupunguzi hatari ya maji yanayoanguka juu yake. Kwa hasara hii, katika mazingira haya, kutotimiza sharti hakungeweza kuongeza hatari. Kifungu cha 11 kinawazuia kulitegemea."

Tumeambatisha picha, maelezo ya fundi bomba kuhusu ule mpira, na orodha ya kila gunia na mahali lilipokuwa.

Yale magunia manne ya maharage tumeyatoa kwenye madai. Dada aliumia. Huenda nayo yalilowa kutoka juu, lakini yalikaa ndani ya maji, na hatuwezi kuonyesha kwamba kuyainua kusingesaidia. Ukiyang'ang'ania hayo manne, unampa mkaguzi nafasi ya kuzungumzia sakafu badala ya dari.

Msomaji mwenye kesi ya namna hii aangalie mambo mawili. Kifungu hiki hakimsaidii aliyechelewa kutoa taarifa ya hasara, maana sharti la taarifa halipunguzi hatari ya hasara yenyewe. Na polisi ya biashara inaweza kukiondoa kifungu kwa maneno ya wazi. Tuliisoma ya dada ukurasa kwa ukurasa, hatukukuta. Walioko Nairobi au Dar na polisi za huko wasiinakili barua hii, kwa sababu sheria ninayoitaja ni ya Uingereza.

Kampuni ina wiki nane za kutoa jibu la mwisho. Ikikataa, duka dogo kama la dada linaweza kwenda kwa msuluhishi wa malalamiko ya huduma za fedha ndani ya miezi sita tangu jibu hilo, bila kulipa ada.

Barua iliondoka Jumatatu. Jumanne dada alinitumia picha: kila paleti imepigiliwa ubao juu yake, na futi imesimamishwa pembeni, inasoma 16.9.