Umri wa nyota hausomwi kwenye rangi yake

Ile picha imerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp: nyota ya buluu imeandikwa "kijana", ya njano "mtu mzima", nyekundu "mzee". Walimu wanaisambaza na wanafunzi wataikariri, na mimi imeniudhi kwa sababu si kweli. Ibuti la Jauza, ile nyekundu ya begani mwa kundinyota la Jabari, ina miaka kama milioni 10 tu. Kilimia kiko hapo hapo jirani angani, nyota zake angavu ni za buluu, na kina zaidi ya miaka milioni 100. Kwa mujibu wa picha hiyo, mjukuu kaitwa babu.

Nyota ikiwa peke yake, rangi yake haikwambii ilizaliwa lini. Umri husomeka zikiwa fungu, kwa sababu nyota za fungu moja zilizaliwa pamoja, kutoka wingu moja, na ziko umbali ule ule kutoka kwetu. Chukua Kilimia. Kila nyota iwekee alama kwenye mchoro: za buluu kushoto, nyekundu kulia, angavu juu, hafifu chini. Alama nyingi zitajipanga mshazari, kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Hiyo ndiyo safu kuu, na humo nyota hukaa muda wote inapochoma hidrojeni kiini mwake. Nzito ziko juu, nyepesi chini.

Nzito ndizo zinazotangulia kuondoka. Nyota yenye uzito wa Jua mara 5 ina fueli mara 5, lakini mwanga wake ni kama mara 500, kwa hiyo fueli hiyo inaisha mara 100 upesi zaidi. Jua litakaa safuni takriban miaka bilioni 10; nyota hiyo, kama milioni 100. Ndiyo maana kadiri fungu linavyozeeka, safu inaliwa kuanzia juu, na pale inapopinda kuelekea kulia ndipo unaposoma umri. Kwenye Kilimia kona hiyo iko karibu na nyota za uzito mara 5, na ile angavu kuliko zote imeshaanza kuondoka.

Nakubali, kona haisomeki kirahisi. Kilimia kina nyota nzito chache mno, na mbili zinazozungukana zikionekana kama moja hukaa juu ya safu na kukupotosha. Ila kasoro iliyosumbua zaidi haikuwa kwenye darubini. Kwa miaka mingi kona hiyo ilisomwa kuwa na umri wa chini ya miaka milioni 80. Kisha katika miaka ya 1990 watu wakapima lithiamu kwenye vijinyota hafifu kabisa vya Kilimia. Vyepesi huchelewa kupata joto la kuiteketeza, hivyo mpaka kati ya vyenye lithiamu na visivyo nayo nao unasogea kwa miaka, na hauna uhusiano wowote na kona. Mpaka ukatoa kati ya milioni 110 na 130.

Sababu ilikuwa kiini. Gesi ndani ya nyota nzito inachemka na kupanda kupita mpaka wa kiini uliokadiriwa, ikirudi na hidrojeni mpya. Nyota inapata fueli ya ziada na kukaa safuni zaidi. Hesabu iliyosahau jambo hilo ikaona kona ile ile na kutoa umri mdogo. Huku ndiko kupima, na ndiyo maana nakasirika mtu akiniambia wanasayansi wanakisia tu: njia mbili zilipokataana, hitilafu ilitafutwa mpaka ikapatikana.

Mafungu ya tufe, kama 47 Tucanae, yana nyota malaki, na kona yake inaonekana wazi. Imeshuka hadi chini ya uzito wa Jua, na umri ni kati ya miaka bilioni 11 na 13. Huko tatizo ni umbali. Ukikosea umbali kwa asilimia 5, mwangaza halisi wa kona unakosewa kwa asilimia 10 hivi, na umri nao kwa karibu kiasi hicho: zaidi ya miaka bilioni moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mafungu haya yalipewa hata miaka bilioni 15 na zaidi, mengine yakionekana kuuzidi umri wa ulimwengu wenyewe. Vipimo vya setilaiti ya Hipparcos, vilivyotoka 1997, vilisaidia kuyasogeza mbali zaidi. Kona zikawa angavu kuliko ilivyodhaniwa, nyota za pale zikawa nzito zaidi, umri ukashuka.

Na Jua letu? Halina fungu tena. Ndugu zake walishatawanyika. Miaka yake bilioni 4.6 tumeipata kwenye mawe ya vimondo, wala hakuna aliyeisoma kwenye unjano wake.