Mgeni Wetu Hapikwi

Juma lililopita lilibandikwa tangazo kwenye mlango wa ukumbi wa mtaa wetu, likiwaomba akina mama wafike alfajiri "kumpikia mgeni wetu wali na kumpika pilau". Nilimsomea shangazi yangu, mzaliwa wa Tanga, naye akauliza kwa upole kama mgeni huyo ataungwa kwa nazi au kwa samli.

Kinachoniudhi ni kwamba mwandishi anaijua kauli ya kutendea, kwa kuwa ameitumia sawasawa maneno machache tu kabla ya kuitupa. Nadhani alidhani kwamba "-ia" ikishatajwa mara moja inatosha kuvihudumia vitenzi vyote viwili. Haitoshi, kwa sababu "-m-" ameirudia, na "-m-" hiyo hutafuta mtu wa kumwangukia. Katika "kumpikia" inamwangukia anayefanyiwa upishi, na wali unabaki kuwa kitu kinachopikwa. Katika "kumpika" inamwangukia anayeingia chunguni. Angeandika "kumpikia wali na pilau", au "kumpikia wali na kupika pilau" bila "-m-", nami ningelala usingizi wangu.

Anayetilia shaka aigeuze sentensi katika kauli ya kutendwa: mgeni alipikiwa, au mgeni alipikwa? Jibu huja lenyewe. Kipimo hicho hicho huwaumbua wanaoandika "amemuuza mdogo wake shamba", maana mdogo aliyeuziwa shamba anakwenda kulima, ilhali aliyeuzwa hatujui yuko wapi.

Nakiri, shingo upande, kwamba si kila mtu anayetajwa katika kitenzi anadai "-ia". Fundi tunamlipa, na mwanafunzi tunamfundisha. Lakini hapo hapo kuna mtego: ukimlipa mtoto ada, umemfanya mtoto kuwa mdai wako, ada ya shule unamlipia.

Kauli ya kutendesha nayo ina majeruhi wake. Jirani yangu aliwahi kuniandikia, "Naomba unikopee elfu hamsini." Nilielewa nilichoandikiwa, yaani niende nikabebe deni kwa niaba yake, nikamjibu kwamba sina mtu wa kumkopa. Akanuna siku 3. Kumbe alitaka nimkopeshe kutoka mfukoni mwangu, na fedha hizo nilikuwa nazo.

Najua nitaambiwa kwamba mazungumzo huokoa maana, na kwamba hakuna mpishi atakayemwendea mgeni na mwiko. Ni kweli, barazani tunaelewana. Ila tangazo halina uso wala sauti, na anayelisoma hana wa kumuuliza.

Nilimweleza katibu haya yote, akanisikiliza kwa adabu na kulibadilisha tangazo jioni ile ile. Sasa linasema kwamba mgeni "atapikwa wali na pilau kuanzia saa kumi na mbili asubuhi". Shangazi ameshaazima sufuria kubwa.